Niko tayari wakati wowote

Ilikuwa Alhamisi tarehe 7 Agosti, saa moja kasoro asubuhi. Nimetoka naiti, nimeshamkabidhi mwenzangu watoto kumi na mmoja wa wodini, niko kwenye kile kichumba chetu cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja nimevua kingine bado, simu mkononi imebaki chaji asilimia nne. Nikamuandikia rekruta wa hospitali nyingine hapa hapa Mombasa, dada ambaye mwaka jana alinipigia akaniambia wanataka wauguzi wa diploma kwa upande wa watoto wachanga, nikimaliza kusoma nimtafute.

Nikaandika hivi: "Habari za asubuhi dada. Nimemaliza masomo. Niko tayari kuanza kazi wakati wowote. Asante."

Nikatuma. Simu ikazima hapo hapo.

Nimekaa na huo ujumbe wiki nyingi sasa, hata baada ya mambo kutulia. Ukitoa salamu na asante ni sentensi mbili tu, na kila moja ina kitu ambacho hakikuwa kweli, na mimi si muongo, wallahi si muongo, ila nilikuwa nimechoka na nilikuwa na furaha, na hivyo viwili vikikutana mtu huandika chochote.

## Tarehe tafadhali

Mimi naishi Likoni. Nilifika nyumbani, nikaweka simu kwa chaji, nikalala. Nilipoamka alasiri jibu lilikuwa limeshakuja.

"Asante sista, hongera sana. Wakati wowote ni lini? Nipe tarehe tafadhali. Na unitumie namba yako ya leseni ya diploma."

Nikajibu, "Hata Jumatatu tarehe 18 naweza." Kuhusu leseni nikasema nitatuma.

Sasa nieleze hapa kidogo kwa wale wasiofanya kazi hii. Mimi nilikuwa muuguzi wa cheti, yule tunayemuita enroldi. Nimefanya kazi miaka tisa na hicho cheti. Nikaamua kupandisha nifike diploma, nikasoma huku nafanya kazi, miaka miwili na miezi juu, usiku wodini, mchana darasani au kwenye mazoezi ya hospitali nyingine. Mwisho wa hiyo safari si mtihani wa chuo. Ni mtihani wa Baraza la Wauguzi. Nao mtihani wa baraza ukiumaliza bado hujawa mtu, unangoja matokeo, ukipita unaomba kuandikishwa, unalipia, unangoja namba, na baada ya namba ndo kuna leseni ya kufanya kazi. Ni hatua nne au tano na kila moja ina tarehe yake.

Mtihani nilifanya Juni. Matokeo yalitoka Jumanne tarehe 5 Agosti. Siku mbili baadaye ndo nikamuandikia rekruta kwamba nimemaliza.

Nilikuwa nimepita. Leseni sikuwa nayo.

Na hili wenzangu wengi tunalichukulia hivi hivi, tunasema si nimepita, namba itakuja tu. Lakini sheria ya wauguzi haina mambo ya itakuja tu. Kufanya kazi ya uuguzi bila leseni iliyo hai ni kosa, na hospitali inayokuweka kwa nafasi ya diploma wakati leseni uliyo nayo ni ya cheti inajitia taabani pamoja nawe. Ndo maana rekruta yeyote anayejua kazi yake haulizi cheti cha chuo kwanza, anauliza namba, manake namba anaweza kuikagua mwenyewe kwa baraza bila kukungoja wewe. Mimi nilikuwa na leseni yangu ya cheti, iko hai, haina shida. Ila siyo iliyoulizwa.

## Metroni

Jumanne tarehe 12 niliingia naiti kama kawaida. Metroni wetu huondoka saa kumi na moja jioni, siku hiyo saa moja alikuwa bado yupo, amekaa kwenye meza ya wodi na ratiba ya mwezi mbele yake.

Akaniambia, "Mwanangu, njoo hapa."

Nikaenda.

"Leo nimepigiwa simu na hospitali fulani, wanataka kujua tabia yako kazini. Wanasema unaanza kwao Jumatatu. Jumatatu hii?"

Sikuwa na jibu. Nilisimama tu pale, nikasema, "Nisamehe mama."

Kosa halikuwa la rekruta. Kwenye wasifu wangu mimi mwenyewe nilimuandika metroni kama mtu wa kuulizwa, jina lake na namba yake, manake hakuna mtu anayenijua kazini kama yeye. Nikasahau kwamba mtu ukimuandika hapo atapigiwa, na atapigiwa siku wanayotaka wao.

Huyu mama alinifanyia nini? Miaka miwili na zaidi alinipangia naiti ili mchana niende darasani. Si kitu kidogo hicho, manake naiti zangu zilimaanisha mtu mwingine anafanya mchana zaidi, na mtu mwingine akilalamika analalamikiwa yeye. Mwezi Juni alinipa siku kumi za likizo mfululizo nifanye mtihani, wakati wodi ilikuwa imepungukiwa watu wawili. Yeye ndo aliyeniandikia barua ya kuomba hospitali inisaidie karo. Na akajua naondoka kwa simu ya mtu asiyemjua, mchana, ofisini kwake, pengine mbele ya watu.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia mimi kwanza," akafunga ratiba akaenda zake.

Nasema kweli, angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

## Saa sita, saa tisa

Usiku huo kulikuwa na mtoto mmoja wa kilo 1.6, siku yake ya tatu duniani. Mamake alikuwa amekamua maziwa, ameleta kwenye kikombe chenye kifuniko. Siku ya tatu mtoto wa uzito huo tunampa mililita 100 kwa kila kilo kwa siku nzima, kwa hivyo ni 160, unagawa kwa mara nane, unapata mililita 20 kila baada ya saa tatu. Saa tatu usiku, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili asubuhi. Kila mara unahakikisha kwanza ule mpira wa puani uko tumboni na hauko kwenye mapafu, unachomeka sirinji isiyo na kisukumio, unamimina, unaishika juu kidogo na maziwa yanashuka yenyewe polepole, husukumi. Halafu unaandika kwenye chati: saa, kiasi, kama ametapika au la, sahihi yako.

Nilikuwa nimeshika ile sirinji, saa sita ya usiku, natazama maziwa yanavyoshuka, na hapo ndo likanijia.

Miaka tisa sijawahi kuandika kwenye chati ya mtoto "alishwe wakati wowote."

Hata siku moja. Ningeandika hivyo yule wa asubuhi angenirudia na angekuwa na haki, manake wakati wowote maana yake hakuna anayejua ni saa ngapi, na asiyejua saa hawezi kupanga kitu, atamlisha mara mbili au hatamlisha kabisa. Lakini mimi kwa maisha yangu na kwa ratiba za hospitali mbili niliandika neno hilo hilo. Yule dada wa ajira naye ana ratiba yake ya kujaza. Metroni ana ratiba yake. Wote wawili walikuwa wanangoja saa, na mimi nimewapa wakati wowote.

Asubuhi nilivuka feri nimesimama, sikukaa, nikifika nyumbani nikatoa mkataba wangu wa kazi kwenye bahasha ambayo sikuwa nimeifungua tangu niajiriwe.

## Mjomba na mkataba

Sikuuelewa wote. Nikampelekea mjomba wangu, kaka yake mamangu, mzee aliyefanya kazi bandarini Kilindini hadi akastaafu na kwa miaka mingi alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye chama. Alikuwa barazani kwake anakunywa kahawa. Akavaa miwani, akasoma kurasa zote sita bila kusema neno, mimi nimekaa chini kwenye mkeka kama mtoto.

Kisha akauliza, "Mshahara unalipwa vipi?"

"Kwa mwezi, mjomba."

"Basi sheria ya ajira ya 2007 yasema siku 28 za notisi, kwa maandishi. Hiyo ndo chini kabisa. Lakini mkataba wako umesema mwezi mmoja kamili, na mkataba ukitaka siku nyingi kuliko sheria, basi wafuata mkataba. Umewapa notisi?"

"Bado."

"Na umemwambia yule wa pili waanza Jumatatu."

"Ndiyo."

Akavua miwani. "Kwa hivyo ulikuwa uwalipe mwezi mzima wa mshahara, ama uwakimbie."

Hiyo ndo hesabu ambayo mimi sikuwa nimeifanya. Ukitaka kuondoka bila kungoja notisi unaweza, lakini unamlipa mwajiri mshahara wa zile siku ambazo hukuzifanya. Inakwenda pande zote mbili, na yeye akikutaka uondoke leo leo atakulipa wewe. Watu wengine hutoa siku zao za likizo walizobakisha zihesabiwe ndani ya notisi, ila hiyo ni mpaka mwajiri akubali, huwezi kujikatia mwenyewe. Nilipiga hesabu ya zangu. Sheria inampa mtu siku 21 za kazi kwa mwaka, ukigawa ni 1.75 kwa kila mwezi. Nikiondoka mwisho wa Septemba ni miezi tisa ya mwaka huu, kama siku 15 na robo tatu, kumi nilishazitumia kwa mtihani, zimebaki tano na kitu. Hazifiki hata wiki ya maana kwa mtu wa shifti.

Mjomba akaniambia kitu kingine ambacho nataka nikiweke hapa wazi manake kilibadilisha kila nilichofanya baadaye. Akasema, huko unakokwenda utawekwa kwenye majaribio, yaani probesheni, na muda wa majaribio waweza kufika miezi sita, na ndani ya huo muda wanaweza kukuachisha kwa notisi ya siku saba tu. Saba. Hapa ulipo una mwezi mzima wa notisi, kule una siku saba. Sasa wewe wataka kutoka penye mwezi uende penye wiki, na barua yao ya ajira hujaiona, na leseni waliyoitaka huna.

"Ukiacha hapa Jumatatu," akasema, "na leseni isitoke mpaka Oktoba, utakuwa nani?"

Ningekuwa muuguzi wa cheti asiye na kazi, kwenye mlango wa hospitali inayotafuta muuguzi wa diploma.

## Karatasi ya karo

Kwenye bahasha ile ile kulikuwa na karatasi nyingine, nyepesi, ukurasa mmoja. Mjomba ndo aliyeitoa. Mimi nilikuwa naijua lakini niliifanya kama siijui.

Hospitali ilinilipia shilingi 60,000 za karo. Nilisaini kwamba nikimaliza masomo nitafanya kazi kwao miezi 12, na nikiondoka kabla nitarudisha kulingana na miezi iliyobaki. Yaani 5,000 kwa kila mwezi. Nilisaini nikiwa na furaha ya kupata karo, sikufikiria kwamba siku moja nitaisoma nikiwa nataka kuondoka.

Hapa kuna kitu cha kuangalia sana kama na wewe una karatasi kama hii. Yangu iliandikwa "tangu siku ya kukamilisha mafunzo." Kukamilisha ni lini? Ni siku ya mtihani, Juni? Ni siku ya matokeo, Agosti? Ama ni siku ya leseni? Kila tarehe ina bei yake. Ikihesabiwa tangu Julai, mwezi baada ya mtihani, basi nikiondoka mwisho wa Septemba nimefanya miezi mitatu, nimebakisha tisa, deni ni 45,000. Ikihesabiwa tangu leseni, pengine sina hata mwezi mmoja, deni ni karibu zote 60,000. Neno moja, na tofauti ni elfu kumi na tano, ambayo kwangu mimi ni kodi ya nyumba na chenji.

Na cha kuuma, mimi niliyemuandikia rekruta "nimemaliza masomo" nilikuwa tayari nimechagua tarehe ya kumaliza bila kujua. Kwa rekruta ninasema nimemaliza ili niajiriwe, kwa mhasibu nitasema nilimaliza Juni ili deni lipungue, kwa baraza bado sijamaliza. Neno moja kwa watu watatu na kila mtu namwambia linalonifaa.

Nilikaa na hilo usiku mzima wa ofu yangu. Nikaona tarehe ya Juni naweza kuitetea bila kupindisha, manake mafunzo yenyewe, darasa na wodi, yaliisha Juni na cheti cha chuo kimeandikwa hivyo. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, si mafunzo. Lakini niliamua nitaiuliza kabla ya kudai.

## Ujumbe wa pili

Nilianza kwa metroni. Nilikwenda mchana, siku ambayo sina zamu, nimevaa nguo za nyumbani na buibui langu, nikabisha mlango wa ofisi yake. Nikamwambia yote, tangu ile simu ya mwaka jana. Nikamwambia nilikosea kumuacha asikie nje. Nikamwambia naondoka, ila si Jumatatu, na sijatoa notisi, na nitaitoa mkononi mwake yeye kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona.

Akauliza, "Kwa nini waondoka?"

Nikamwambia ukweli. Hapa hakuna nafasi ya diploma iliyo wazi kwenye watoto wachanga, nikibaki nitapata leseni mpya na nitaendelea kulipwa kama wa cheti mpaka nafasi ipatikane, na haijulikani lini. Yeye mwenyewe anajua, amewahi kuniombea na hakusikizwa.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo nalijua." Kuhusu karo akaniambia niende kwa mhasibu na ile karatasi pamoja na cheti cha chuo, nisiende na maneno.

Kisha nikamuandikia rekruta upya. Niliandika kwanza kwenye karatasi, nikafuta, nikaandika tena. Huu hapa, nimetoa majina tu:

"Habari za mchana dada. Narekebisha ujumbe wangu wa tarehe 7. Mtihani wa baraza nimepita, matokeo yalitoka tarehe 5 Agosti. Leseni ya diploma bado haijatoka, nimeshaomba na nimeshalipia. Kwa sasa nina leseni ya cheti na iko hai, nakutumia namba yake. Bado niko kazini, na mkataba wangu unataka notisi ya mwezi mmoja. Notisi nitaitoa siku nitakayokuwa na leseni ya diploma pamoja na barua yenu ya ajira iliyosainiwa. Kwa hivyo naweza kuanza mwezi mmoja baada ya siku hiyo, si kabla. Leseni ikitoka nitakujulisha siku hiyo hiyo. Nisamehe kwa kusema Jumatatu, haikuwa sawa."

Ni mrefu kuliko wa kwanza mara kadhaa. Hauna hata tarehe moja ya kuanzia, lakini una kitu ambacho tarehe itatoka kwacho, na yeye anaweza kuhesabu mwenyewe.

Hakujibu.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile alama ya kusomwa ilionekana kabisa. Hizo siku tano zilikuwa ngumu kuliko mtihani. Nilikuwa nikitoka naiti natazama simu kabla ya kuvua viatu. Mamangu akaniambia labda ungesema tu Septemba, ungewahi nafasi, mengine yangejipanga. Na mimi kuna usiku mmoja nilishika simu niandike hivyo. Nasema hivi kwa sababu sitaki mtu asome hapa aone kwamba mtu akisema ukweli basi anajisikia vizuri papo hapo. Mimi sikujisikia vizuri. Nilijisikia nimepoteza kazi niliyoisomea miaka miwili kwa ajili ya aya moja.

Siku ya sita akajibu. "Asante kwa kunieleza sista. Tulitaka mtu wa Septemba, na kuna mwenzako anaweza kuanza tarehe 1. Nafasi ni mbili, moja tunampa yeye. Ya pili nitajaribu kuishikilia mpaka katikati ya mwezi ujao, zaidi ya hapo siwezi kuahidi. Barua ya ajira tutakupa baada ya mahojiano, ila itaandikwa kwamba ni kwa sharti la leseni."

Nilipoteza ya kwanza. Hiyo ndo gharama, na naiweka hapa jinsi ilivyo.

Mahojiano yalikuwa wiki hiyo. Barua nikaipata tarehe 27. Niliisoma na mjomba, tukaangalia vitu vitatu tu, muda wa majaribio, notisi, na hilo sharti la leseni. Majaribio miezi mitatu. Sawa. Nikauliza kama wanaweza kunisaidia deni la karo, wakasema hapana, na hilo nalo ni sawa, halikuwa lao.

## Tarehe mosi

Leseni ilitoka Jumatatu tarehe 1 Septemba. Nilikuwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, watu wamejaa, na simu ikalia. Nikasoma mara tatu. Jina langu, namba mpya, hadhi yangu mpya. Mama mmoja nyuma yangu akanisukuma kidogo, manake geti limefunguliwa na mimi nimesimama tu katikati ya njia.

Nikavuka. Kwenye feri nikamtumia rekruta ile namba, nikamwambia natoa notisi leo, siku yangu ya mwisho huku ni tarehe 30 Septemba, kwake naweza kuanza Jumatatu tarehe 6 Oktoba. Hizo siku chache za katikati niliziomba ili mwili wangu ulale usiku kwanza. Akajibu kabla hatujafika kisiwani: "Tarehe 6 nimeiandika."

Kwa mhasibu nilikuwa nimeshapita. Walikubali tarehe ya Juni, kwa kuwa cheti cha chuo kilisema Juni. Deni ni 45,000, nitalipa kwa awamu tatu, Oktoba, Novemba, Desemba, na nimesaini karatasi nyingine kwa hilo, safari hii nikiisoma neno kwa neno. Nimeomba pia cheti cha utumishi. Hicho ni haki ya kila mtu anayeondoka akiwa amefanya kazi angalau wiki nne, kinaeleza umefanya kazi gani na tangu lini mpaka lini. Sifa njema mwajiri halazimiki kukuandikia. Hicho cheti analazimika.

Barua ya notisi ilikuwa mistari minne. Niliipiga chapa kwenye duka moja Mwembe Tayari, shilingi kumi, nikaikunja, nikaiweka kwenye mkoba katikati ya leso ili isikunjike zaidi. Nilifika wodini kabla ya saa nne. Metroni alikuwa amesimama kwenye meza ile ile na ratiba ile ile, mwezi mpya, visanduku vimejaa penseli.

Nikampa kwa mikono miwili.

Akaisoma. Akatafuta kalamu, akaandika "imepokelewa," tarehe, saa, sahihi yake, kama tunavyoandika kwenye chati. Kisha akavuta ratiba karibu, akapeleka kidole kwenye jina langu mpaka mwisho wa mstari.

"Hiyo tarehe 30," akaniuliza, "waifanya mchana ama naiti?"

"Naiti, mama. Nitoke asubuhi ya tarehe mosi."

Akaandika herufi ya naiti kwenye kisanduku cha mwisho, kwa kalamu, si penseli.